Lita Mia Tatu Themanini za Usiku wa Mvua

Tangi la dizeli la Igalula lilikuwa pungufu lita mia nne sabini. Nilihesabu mara tatu. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili nikaona wananipotezea muda, lakini hesabu ya tangi haihitaji cheti. Unachukua mafuta yaliyokuwemo mwanzo, unajumlisha yaliyoletwa na gari, unatoa yaliyouzwa kwenye mita za pampu. Unachopata ndicho kinatakiwa kuwemo. Halafu unaingiza fimbo tangini uone kilichomo kweli. Vikipishana kidogo, sawa, mafuta ni mafuta. Vikipishana sana, kuna mtu au kuna tundu.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Mzee Modest ana sheli nne, ofisi yake iko Mtendeni, mjini, na mimi ndiye nazunguka na pikipiki kuzipima. Nina chumba mtaa wa Ipuli, mjini huko huko, ambacho nalala labda siku nane kwa mwezi. Siku nyingine zote nalala kwenye stoo za sheli, katikati ya makopo ya oili. Wazee husema wapagazi wa zamani walipita njia hii hii na meno ya tembo mabegani, mia kwa mia, wakiimba. Mimi napita peke yangu na fimbo ya alumini niliyoifunga ubavuni mwa pikipiki, na hakuna anayefurahi kuniona. Wauzaji wakiisikia pikipiki yangu wanaacha kucheka.

Igalula tu ndiko kulikuwa tofauti, kwa sababu ya Lugembe.

Lugembe ni mtu mzima, ana wajukuu. Mchana anauza kwenye pampu, usiku analala pale pale kama mlinzi. Nikifika alikuwa anapiga kelele hadi barabarani, "Fimbo imekuja! Watoto, ficheni migongo!" Halafu ananiwekea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Namwambia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mwanangu, umekonda kama hiyo fimbo yako. Huko kwingine hawakulishi?" Hawanilishi. Nani amlishe mkaguzi?

Nilipima mwanzo wa Desemba, mwezi wa kwanza sikufika. Mvua ilikata barabara, gari la mafuta lenyewe lilikwama njiani siku sita. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa pili nilipofika nilikuwa na miezi mitatu ya kupiga hesabu kwa mkupuo. Nikampa Lugembe salamu, nikala matobolwa yake, nikafungua mifuniko.

Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilipaka fimbo pesti inayogeuka rangi ikigusa maji, nikaona kama kuna maji chini ya tangi. Hakuna. Nilichukua kopo la lita ishirini lililopigwa mhuri nikapima kila pampu. Zilikuwa sawa, tone huku tone kule. Mafuta ya kopo nikayarudisha tangini na kuyaandika, kwa sababu yamepita kwenye mita lakini hayakuuzwa. Nikafunga pampu za dizeli tangu saa nne mpaka saa nane mchana, nikapima mwanzo na mwisho. Fimbo ilisoma pale pale. Kwa hiyo tangi halivuji.

Zikabaki karatasi. Msimamizi wa sheli anaitwa Mektilda, Mmoraviani, mtu wa mwandiko mzuri. Kazi yake ni kuandika tu: fimbo ya jioni, fimbo ya asubuhi, mita. Kutoa na kujumlisha ni kazi yangu. Nikaenda siku moja moja. Desemba safi. Januari safi mpaka tarehe kumi na nne. Jioni ya kumi na nne fimbo ilisoma sentimita arobaini na moja. Asubuhi ya kumi na tano ilisoma thelathini na sita na nusu.

Usiku ule sheli ilikuwa imefungwa. Mita hazikusogea hata lita moja.

Nikatazama kwenye chati ya tangi, ile inayogeuza sentimita kuwa lita. Lita mia tatu themanini. Dramu mbili kasoro kidogo.

"Mektilda," nikamwita. "Usiku wa tarehe kumi na nne nani alikuwa hapa?"

"Si ni Lugembe? Kwani nani mwingine? Mimi mvua ile nilikuwa kwangu, maji yamenifika mlangoni."

"Na fimbo ya asubuhi nani alipima?"

Akageuza daftari. "Yeye. Huu mwandiko wake, ona hiyo sita kama mkia wa nguruwe."

Hapo ningekaa kimya nifikiri. Sikukaa kimya. Ndivyo nilivyo, neno likinifika mdomoni linatoka. Nilimpigia Mzee Modest pale pale, simu sikioni, Lugembe amesimama hatua kumi anafuta kioo cha lori.

"Mzee, nimepata. Ni wizi. Lita mia tatu themanini kwa usiku mmoja, na aliyekuwepo ni mtu mmoja."

"Una uhakika, Zablon?"

"Tangi halivuji, pampu ziko sawa. Yameenda wapi, kanisani?"

Lugembe aliacha kufuta. Kitambaa kilikuwa kinachuruzika maji kwenye kiatu chake, hakukiona.

Mzee Modest hakupandisha sauti. Alisema Lugembe aondoke leo, na mpaka Jumamosi awe amesema mafuta yako wapi, la sivyo anaenda polisi. Nikamwambia Lugembe hivyo hivyo, maneno yale yale. Akakikamua kitambaa.

"Wewe umeniona nikiiba?"

"Fimbo imeona."

"Haya," akasema. Akaingia ndani, akatoka na godoro lake limefungwa kamba, akaliweka kwenye baiskeli. Mektilda alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimefanya kazi yangu.

Ilikuwa Jumatano. Usiku ule nililala mimi sheli, maana hakukuwa na mtu mwingine. Alhamisi nikaendelea na karatasi zilizobaki, kwa sababu mia nne sabini kutoa mia tatu themanini inabaki tisini, na ile tisini nilikuwa nimeiruka. Nilijiambia tisini kwa miezi mitatu si kitu. Lakini kulikuwa kimya sana pale. Mektilda hakuniuliza nitakula nini. Wauzaji wengine wakila, walikuwa wanageuza migongo. Nilikula biskuti na kupiga hesabu, basi.

Tisini ile ilikuwa ya ajabu. Kabla ya ile mvua haikuwepo. Baada ya mvua, kila gari likishusha lita elfu saba, tangi lilionyesha pungufu kama tisini. Mektilda alishaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *dereva wa lori achunguzwe.* Sawa, labda dereva. Ila siku zilizofuata, mafuta yakiuzwa na kushuka, tangi lilikuwa linazidi. Leo lita nane zaidi, kesho kumi, kesho kutwa saba. Mpaka linakaribia kuisha, zile tisini zimerudi zote. Gari lije tena, tisini zinapotea tena.

Nilikaa naangalia zile namba mpaka biskuti ikanidondoka. Dereva mwizi harudishi. Muuzaji mwizi harudishi. Hakuna mwizi duniani anayeiba tangi likijaa na kurudisha kidogo kidogo likipungua.

Halafu nikafikiria ile sita ya mkia wa nguruwe. Lugembe aliipima mwenyewe asubuhi ile, peke yake, hakuna anayemwona. Angeandika arobaini na moja nani angejua? Ameiba dramu mbili halafu anaandika kwa mkono wake kwamba zimepungua?

"Mektilda, ile mvua ya tarehe kumi na nne. Maji yalifika wapi hapa?"

Alijibu bila kuniangalia. "Uwanja wote ulikuwa bwawa. Hii si ardhi ya mbuga? Haimezi maji. Na tangi lilikuwa karibu tupu, gari limekwama, mimi nawaza wateja nitawauzia nini. Asubuhi tukakuta zege limepasuka pale."

"Pale wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Karibu na tundu la kupimia. Ufa ulianzia ukingoni ukaenda mpaka kwenye mfuniko, mtu anaweza kuingiza kidole. Nilikuwa nimeupita siku mbili nzima.

Ukitaka kuelewa, chukua pipa tupu lililofungwa, lisukumie chini ya maji. Litakusukuma lirudi juu. Tangi tupu lililozikwa kwenye matope ni hivyo hivyo. Upande wa kujazia una zege zito, haukwenda popote. Upande wa kupimia ulinyanyuka.

Nikafunga pampu. Nikapima kwenye tundu la kupimia: mia moja na tatu. Nikaenda upande wa pili, nikafungua mdomo wa kujazia, hatua tano na nusu kutoka pale, nikaingiza fimbo ile ile. Nikaisoma. Nikaifuta, nikapaka chaki, nikarudia.

Mia moja na kumi na mbili.

Tangi moja, mafuta yale yale, huku mia na tatu, kule mia na kumi na mbili. Limelala upande. Sisi tunapima upande ulioinuka, kwenye kina kifupi, halafu tunalaumu watu. Nilichukua katikati, mia moja na saba na nusu, nikaipeleka kwenye chati. Zile lita mia nne sabini zote zilikuwemo. Hazijawahi kutoka.

Nilikaa chini kwenye zege. Mektilda alikuja akaona uso wangu, akajua.

"Yapo?"

"Yapo."

"Mungu wangu, Zablon. Na mdomo wako."

Mzee Modest nilimpigia tena. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Jana ulisema una uhakika."

"Nilikosea."

"Mfuate. Mwambie arudi kazini. Na umwambie wewe, mimi sitamwambia."

Ijumaa asubuhi nikaenda. Kwa Lugembe ni mwendo wa saa nzima na pikipiki, unaacha reli nyuma, unapita mashamba ya tumbaku, halafu mbuga tupu. Njiani nilipishana na wanawake wawili nikawauliza njia. Nilipotaja jina walitazamana wakaondoka bila kujibu.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi lakini uwanja mtupu. Mkewe, Nyamizi, alikuwa anakoka moto kwa kiberiti, kitu ambacho huoni kule, maana mtu huomba kaa la moto kwa jirani.

"Shikamoo, mama. Natafuta mzee Lugembe."

"Usiseme na sisi," akasema. "Watakutoza. Tumetengwa."

Nilijua maana yake. Habari ya sheli ilikuwa imefika kijijini kabla ya godoro. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikaa Alhamisi, wakaamua: mwizi hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji kisima kimoja na watu, mpaka arudishe. Mtoto wake mdogo alikuwa ametembea hadi mtoni kwenda kuchota maji.

Lugembe alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakusimama.

"Umekuja na polisi?"

"Nimekuja peke yangu. Mafuta yapo, mzee. Tangi limelala upande. Nilikosea."

Nilidhani atafurahi. Alitikisa kichwa polepole.

"Unaniambia mimi kwa nini? Mimi nilikuwa najua sijaiba. Nenda kawaambie wao."

Nikaenda. Kamanda wa sungusungu anaitwa Mahona, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni. Nilimkuta kwenye lambo na watu kama thelathini, ng'ombe wanakunywa. Nikaeleza mambo ya fimbo, chati, sentimita. Wakanisikiliza kwa adabu kabisa, na hakuna aliyeelewa.

"Kijana," Mahona akasema, "unasema mafuta yalipungua, halafu hayakupungua. Juzi kweli, leo kweli. Tushike ipi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amehongwa jogoo." Wakacheka.

Nikaangalia huku na huku. Pale pale palikuwa na hori la kunyweshea ng'ombe, la mti, refu kama tangi lenyewe, lina maji nusu. Nikavunja bua la mahindi. Nikamwambia yule aliyesema jogoo apime maji upande huu, aweke alama kwa kucha. Akapima. Upande ule, alama ile ile. Kisha nikaomba watu wanne wanyanyue kichwa cha upande wa kwanza, nikasukumia jiwe chini yake.

"Kuna mtu ametoa maji?" nikauliza.

"Hakuna."

"Pima tena upande ule ule wa kwanza."

Akachovya bua. Alama ilikuwa juu, maji yameishia chini yake vidole vitatu. Akalitazama bua, akanitazama mimi, akakimbilia upande wa pili bila kuambiwa, akachovya.

"Huku yamezidi!"

Basi kila mtu akataka kupima. Mabua yakavunjwa, ng'ombe wakasukumwa. Mahona alipima wa mwisho, mara mbili, pande zote, kisha akalifuta bua kwenye suruali yake kama nifanyavyo mimi.

"Sasa nimeona," akasema. "Tangi limewekewa jiwe na mvua."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe hukupima upande wa pili kabla ya kumwita mtu mwizi."

"Sikupima."

Akapuliza filimbi. Lugembe akaitwa, akaja na mkewe, wakasimama mbali kama watu wenye ukoma. Mahona akatangaza kutengwa kumefutwa. Akawa wa kwanza kumsalimia, kisha watu wakapanga mstari, mmoja mmoja wakampa mkono. Mwanamke mmoja alikimbia akarudi na kaa la moto kwenye kigae, akampa Nyamizi. Mimi nilisimama kando ya hori nikingoja zamu yangu.

Nilipofika, Mahona aliniwekea fimbo yake kifuani.

"Bado. Kwetu hapa anayemsingizia mtu hupokea alichompa mwenzake. Kuanzia hapa mpaka stesheni ya Igalula, wewe husalimiwi. Hupewi moto, hupewi maji. Hatukupigi, hatukutozi mbuzi. Tunakunyamazia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Lugembe akusalimie mwenyewe."

Wote wakamgeukia Lugembe. Mimi pia. Alikuwa ameshika mkono wa mtu, akaendelea kuushika.

Ningeweza kusema mimi si mtu wa kijiji kile, adhabu yao hainihusu. Sikusema. Kwa mara ya kwanza maishani neno lilifika mdomoni nikalirudisha.

Lugembe alirudi kazini Jumatatu. Ana watu wa kulisha, na sheli ni sheli. Mzee Modest alisema tangi litanyooshwa kiangazi, ardhi ikikauka, kwa sasa tuhesabu kwa kupima pande mbili na kuchukua katikati. Na kwa vile nilishajifunza, akaagiza wapime watu wawili kwa mpigo: mmoja kila tundu, kila mmoja na fimbo yake, pampu zote zimefungwa.

Kwa hiyo mwezi wa tatu nilipofika Igalula, mama muuza chai wa nje ya sheli alinigeuzia mgongo, wauzaji wakaangalia reli. Nililala stoo, nikala nilichobeba. Asubuhi Lugembe alitoka na fimbo ya sheli, akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa kujazia. Mimi nikasimama kwenye tundu la kupimia. Hatua tano na nusu kati yetu.

Nikasoma: "Tisini na sita."

Akasoma: "Mia na tano."

"Rudia."

"Mia na tano."

Ndiyo yote tuliyosema kwa mwezi ule. Mwezi wa nne hivyo hivyo, namba nyingine. Mwezi wa tano nilifika siku moja kabla. Sikuwa na sababu. Nilipima asubuhi, jioni nikamwambia Mektilda tupime tena kuhakikisha, akaniangalia, akaenda kumwita. Lugembe alikuja akasoma namba yake. Sauti yake ina mkwaruzo kidogo anaposema "mia". Zamani sikuwa nimeisikia, alikuwa anaongea mengi sana.

Kila mwezi hesabu ilitoka safi. Pungufu lita tano, zaidi lita nane. Sijawahi kuwa na tangi safi kama lile lililopinda.

Mwezi wa saba Mzee Modest aliniita Mtendeni. Fundi yupo, winchi ipo, ardhi imekauka. Lakini kuna kazi nyingine Nzega, na fundi ni mmoja. "Wewe ndiye unalijua hilo tangi," akasema. "Linaweza kusubiri mwaka mwingine?"

Nilijua jibu. Bomba la kunyonyea limevutwa tangu Januari. Mvua nyingine kama ile, tangi likiwa tupu tena, bomba linakatika na dizeli inaingia kwenye visima vya watu. Na nilijua jambo lingine. Tangi likikaa sawa, tundu moja linatosha, fimbo moja, mtu mmoja.

Nilikaa kimya mpaka akaacha kuandika.

"Zablon?"

"Halisubiri, mzee," nikasema. "Anzeni na Igalula."

Walilinyoosha siku mbili. Mwisho wa mwezi wa nane nilienda, nikapima upande wa kupimia, nikazunguka nikapima upande wa kujazia. Mia moja na kumi na moja. Mia moja na kumi na moja. Lugembe alikuwa kwenye pampu, anamjazia mtu wa trekta, anacheka naye jambo fulani kwa Kinyamwezi. Sikuwa tena na namba ya kumwitia, na salamu yake bado sikuipata. Niliandika namba, nikaifuta fimbo, nikaifunga kwenye pikipiki.